Kilomita moja ya teksi inakugharimu shilingi ngapi? Hesabu ya IST moja ya Dar es Salaam

Kuna mwezi nilipokea kutoka kwa dereva hesabu zote za gari langu, siku 26 bila kuruka hata moja, shilingi 25,000 kila jioni. Mwezi uleule dereva akaniletea habari kwamba matairi ya mbele yamekwisha na shokapu zinavuja, nami sikuwa na pa kuitoa hela. Shilingi 650,000 zilikuwa zimeingia mkononi mwangu na nilikuwa nimezila nikiamini ni faida. Hazikuwa faida. Sehemu kubwa ilikuwa bei ya tairi na shokapu ambazo gari lilikuwa linazimaliza barabarani kila siku, ila bili yake ilikuwa bado haijafika.

Ugumu wa biashara hii ni kwamba gharama zake haziji kwa mwendo mmoja. Mafuta unayalipia leo, dereva unamlipa kwa siku, tairi unanunua baada ya miezi mingi, na bei ya gari lenyewe inashuka bila kukuambia, mpaka siku unayotaka kuliuza. Njia pekee niliyoiona ya kuziweka zote kwenye mizani moja ni kuzigeuza ziwe shilingi kwa kilomita. Ukishajua kilomita moja inakula shilingi ngapi, unaweza kuiangalia safari yoyote, au hesabu yoyote ya dereva, ukajua kama inakulipa.

Mfano ninaoutumia hapa ni Toyota IST ya injini ya 1.3 inayofanya teksi mtandao Dar es Salaam. Bei nilizoweka ni za kufanyia hesabu, na nimeziviringisha ili zifuatike kwa urahisi. Wewe weka za kwako, hatua zenyewe hazibadiliki.

Hatua ya kwanza: zijue kilomita zako za kweli

Chukua daftari. Tarehe 1 asubuhi, kabla gari halijawashwa, andika namba ya odometa, yaani zile kilomita za jumla zinazosomeka kwenye dashibodi. Usiandike ile ya tripu ambayo mtu anaweza kuirudisha sifuri kwa kubonyeza. Andika tena baada ya mwezi. Gari la mfano wetu lilianza na 142,310 likamaliza na 146,210. Limekwenda kilomita 3,900.

Sasa tafuta namba ya pili, ambayo wengi hawaitafuti: kilomita ulizolipwa. Programu ya teksi mtandao inaonyesha urefu wa kila safari iliyokamilika, na zile za kukubaliana na abiria mkono kwa mkono dereva aziandike. Zijumlishe. Kwa gari letu zilikuwa 2,340. Maana yake katika kila kilomita 10 ambazo gari lilikwenda, 6 tu zilikuwa na abiria anayelipa. Zile nne nyingine zilikuwa ni kumfuata abiria alipo, kurudi mjini tupu baada ya kumshusha mtu Bunju au Chanika, kuzunguka kutafuta kazi, kwenda sheli, kwenda gereji, na dereva kurudi nyumbani usiku.

Kilomita tupu zinakula mafuta na mpira sawasawa na zile za abiria. Ndiyo maana hesabu ya gharama inagawiwa kwa kilomita zote za odometa, na hesabu ya nauli inagawiwa kwa kilomita za abiria peke yake. Ukizichanganya namba hizi mbili, kila jibu utakalolipata mbele litakuwa la uongo, na mara nyingi litakuwa la kukufurahisha.

Tahadhari moja kuhusu odometa. Kama gari limefungwa matairi yenye kipenyo kikubwa kuliko ya kiwandani, odometa itasoma pungufu, kwa sababu kila mzunguko mmoja wa gurudumu unakwenda mbali zaidi ya ule iliopimiwa. Ilinganishe na ramani ya simu kwenye barabara iliyonyooka kwa kilomita 10 au 20. Tofauti ikiwa ndogo sana achana nayo. Ikifika kilomita moja katika 10, rekebisha namba zako zote.

Hatua ya pili: mafuta, kwa kupima tangi hadi tangi

Usimuulize mtu IST inakula lita ngapi, na usitumie namba za kwenye matangazo ya magari. Gari lako lina injini yake, dereva wake na foleni zake. Pima hivi.

Nenda sheli, simama kwenye pampu yenye sakafu tambarare, mwambie mhudumu ajaze fulu tanki na aache bomba lijikate lenyewe mara ya kwanza. Asiongeze hata kidogo baada ya hapo ili kuviringisha bei, kwa sababu yale anayosindilia juu yake ndiyo yanayoharibu kipimo. Andika odometa. Fanya kazi kama kawaida mpaka tangi liwe karibu na robo, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile, gari limeelekea upande uleule, ujaze mpaka bomba lijikate lenyewe. Lita zilizoingia safari hii ndizo ulizotumia.

Gari letu lilikuwa limekwenda kilomita 336 na zikaingia lita 28. Gawanya, unapata kilomita 12 kwa lita. Petroli tuihesabu shilingi 3,000 kwa lita, basi kilomita moja ya mafuta ni shilingi 250.

Usiridhike na kipimo kimoja. Rudia mara tatu au nne kisha chukua wastani, maana wiki ya mvua yenye foleni za kutwa na wiki ya likizo za shule barabara zikiwa wazi hazilingani hata kidogo. Ukiweka vipimo hivi kila mwezi, vitakuwa pia daktari wa gari. Gari lililokuwa likitoa kilomita 12 likishuka hadi 10 na njia hazijabadilika, anza na upepo wa matairi, halafu filta ya hewa, halafu plagi, halafu uangalie kama kuna breki inayoganda: baada ya mwendo, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, ile inayotoa joto kuliko wenzake ndiyo yenye tatizo. Na kama gari halina kasoro lakini namba imeshuka, basi ama lita zinapungua njiani ama kuna kilomita ambazo hukuambiwa.

Wenye mitungi ya gesi wanapima vivyo hivyo, kwa kilo badala ya lita. Wakumbuke tu kuongeza na petroli, kwa sababu gari la kufungwa gesi bado linawaka kwa petroli injini ikiwa ya baridi. Gharama ya kufunga mtungi nayo igawe kwa kilomita. Tuseme umefunga kwa shilingi 2,100,000 na mafuta yakashuka kutoka shilingi 250 hadi 110 kwa kilomita. Unaokoa 140, kwa hiyo mtungi unarudisha fedha yake baada ya kilomita 15,000, chini ya miezi minne kwa gari letu. Saa ambazo dereva anakaa kwenye foleni ya gesi hazionekani hapo, lakini zinaonekana kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: mshahara wa dereva, hata kama dereva ni wewe

Mafuta yanafuata kilomita, dereva anafuata muda. Akikaa saa mbili kwenye foleni ya Mbagala, gari limekwenda kilomita chache sana lakini yeye kazi ameifanya na njaa inamuuma vilevile. Kwa hiyo gharama ya dereva kwa kilomita inapanda na kushuka kulingana na barabara.

Tuseme kazi ya siku moja ya dereva ina thamani ya shilingi 20,000, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 520,000. Gawanya kwa kilomita 3,900, unapata shilingi 133 kwa kilomita. Lakini angalia siku mbili tofauti. Siku ambayo gari limekwenda kilomita 200, dereva amegharimu shilingi 100 kwa kilomita. Siku ya foleni ambayo limekwenda kilomita 90 tu, amegharimu 222. Mtu anayeangalia mafuta peke yake ataiona siku ya pili kama siku ya nafuu, kwa kuwa ametumia lita chache. Ukiihesabu kwa kilomita, hiyo ndiyo siku ya ghali.

Wanaoendesha magari yao wenyewe huwa wanaruka hatua hii, wakisema hawamlipi mtu. Usiiruke. Jiulize ungelipwa kiasi gani kwa siku kama ungeendesha gari la mtu mwingine kwa saa zilezile, uandike kiasi hicho. Usipokiandika, ukiugua wiki mbili ukamkabidhi gari mwenzio, utakuta biashara uliyodhani ina faida haina hata hela ya kumlipa yeye. Faida uliyokuwa ukiiona ilikuwa jasho lako mwenyewe.

Hatua ya nne: matairi, kwa rula na si kwa macho

Matairi manne mapya tuyahesabu shilingi 150,000 kila moja, ni 600,000. Ongeza kufunga, balansi na alaimenti 60,000. Jumla 660,000. Swali ni kilomita ngapi ugawe, na hapa watu hubahatisha. Kuna njia ya kupima bila kusubiri tairi liishe.

Siku ya kufunga, shika rula ndogo yenye milimita, ichomeke kwenye mfereji wa katikati wa tairi na usome kina cha kashata. Tairi jipya la gari dogo huwa na milimita 8 hivi. Baada ya kilomita 10,000 rudi upime palepale. Sisi tulikuta 6.4, yaani tairi limepoteza milimita 1.6 kwa kila kilomita 10,000. (Rula ya shule haisomi sehemu za milimita vizuri, ni afadhali ununue kile kipimo kidogo cha kina cha tairi.)

Ndani ya mifereji utaona vibonge vidogo vya mpira. Uso wa tairi ukifika usawa wa vibonge hivyo, zimebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha. Mimi sisubiri hapo. Tairi la milimita 2 kwenye mvua ya masika, barabara ikiwa na maji yaliyosimama, linaelea badala ya kushika, na umebeba watu. Mimi nabadilisha kwenye milimita 3. Kutoka 8 hadi 3 ni milimita 5 za kutumia, na kwa kasi ya 1.6 kwa kila kilomita 10,000, zinakupeleka kilomita 31,250. Gawanya 660,000 kwa hizo, unapata shilingi 21 kwa kilomita.

Sasa twende kwenye matairi ya mtumba, kwa sababu wengi tunaamini ndiyo nafuu. Tairi moja shilingi 60,000, manne 240,000, kufunga na kusawazisha 60,000 ileile. Jumla 300,000, chini ya nusu. Lakini tairi hilo linakuja na milimita 5. Hadi 3 zimebaki milimita 2 tu, ambazo ni kilomita 12,500. Gawanya: shilingi 24 kwa kilomita. Umelipa zaidi kwa kila kilomita, umesimamisha gari gereji mara mbili na nusu zaidi, na mpira wenyewe ni mzee. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni: tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Ukikuta 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani linaweza kuwa na kashata nzuri na huku ubavu una nyufa ndogondogo unazoziona ukilikunja kidogo kwa kidole gumba. Hilo lisipande barabarani.

Ukipima, usipime mfereji mmoja tu. Pima ndani, katikati na nje. Kingo zote mbili zikiwa zimeliwa kuliko katikati, gari linaendeshwa na upepo mdogo. Katikati ikiliwa zaidi, upepo umezidi. Upande mmoja tu ukiliwa, mara nyingi wa ndani, alaimenti imekwenda au bushi zimekufa, na tairi jipya utakalofunga juu ya bushi zilizokufa litaliwa vivyo hivyo. Kiasi sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi, tairi likiwa la baridi, kwa sababu likishapata joto la barabara kipimo kinapanda.

Pancha usizisahau. Mbili kwa mwezi kwa shilingi 5,000 ni 10,000, gawanya kwa 3,900, karibu shilingi 3. Matairi kwa jumla ni 24 kwa kilomita.

Hatua ya tano: gereji na uchakavu

Hapa kuna vitu viwili na ni lazima vitenganishwe. Kimoja ni fedha unayompa fundi. Kingine ni thamani ya gari inayopotea hata kama fundi hukumwona.

Ya fundi ni rahisi ukitunza risiti. Weka bahasha moja ndani ya gari, na kila kinachonunuliwa kiingie humo, hata kama risiti ni karatasi ya mkono: oili, filta, pedi za breki, plagi, betri, bushi, bol joint, shokapu, oili ya giaboksi, ufundi. Mwisho wa mwaka jumlisha yote. Gari letu kwa mwaka limekwenda kilomita 46,800 na risiti zilifika shilingi 2,106,000. Hiyo ni shilingi 45 kwa kilomita. Kama huna risiti za mwaka, anza na kile unachokijua: kumwaga oili kila kilomita 5,000 kwa shilingi 80,000 ni 16 kwa kilomita, na shokapu pamoja na bushi za shilingi 480,000 zinazodumu kilomita 40,000 ni 12 kwa kilomita. Endelea hivyo kifaa kimoja kimoja. Namba itakayopatikana kwa njia hii huwa ndogo kuliko ya risiti, kwa sababu hakuna anayekumbuka kuandika kompresa ya kiyoyozi iliyokufa ghafla au kioo cha pembeni kilichong'olewa na bodaboda. Mimi ningeongeza robo juu yake.

Barabara unayopita kila siku inaibadilisha namba hii sana. Gari linaloishi kwenye lami na gari linalolazimika kuingia mitaa ya vumbi na makorongo mara kumi kwa siku haviwezi kuwa na gharama moja ya bushi. Usichukue namba ya mwenzio wa Mikocheni ukaipachika kwenye gari la Goba.

Kuhusu uchakavu, chukua bei uliyonunulia gari, toa bei utakayoliuzia, gawanya kwa kilomita zote utakazolitumia. Tuseme ulinunua kwa 15,000,000, unapanga kulifanyia kazi miaka minne, na magari ya umri na hali hiyo yanauzwa 7,500,000. Umepoteza 7,500,000 katika kilomita 187,200. Ni shilingi 40 kwa kilomita. Bei ya kuuzia usiitoe kichwani. Nenda kwenye yadi au kwenye matangazo, tafuta gari la aina yako lenye miaka minne zaidi ya lako, uone leo linauzwaje, kisha upunguze kidogo kwa kuwa la kwako limefanya teksi na mnunuzi ataliona kwenye viti.

Kuna sehemu ya uchakavu inayokwenda na umri, hata gari likilala nyumbani. Kwa hiyo ukiongeza kilomita kwa mwezi, hiyo 40 itashuka kidogo, haitabaki vilevile. Kwa gari la biashara linalotembea kila siku, kilomita ndizo zinazolimaliza zaidi, na kosa hilo ni dogo.

Mwisho kuna yale ya kulipa kwa mwezi au mwaka: bima, leseni ya LATRA, bando la simu, kuosha gari, maegesho. Jumlisha ya mwezi mmoja, kwa mfano 156,000 (56,000 za bima na leseni, 100,000 za kuosha, bando na maegesho), gawanya kwa 3,900. Shilingi 40.

Hatua ya sita: jumlisha, kisha gawanya kwa abiria

Mafuta 250
Dereva 133
Matairi na pancha 24
Gereji 45
Uchakavu 40
Bima, leseni, bando, kuosha, maegesho 40

Jumla ni shilingi 532 kwa kila kilomita ya odometa. Lakini kumbuka ni kilomita 6 tu katika 10 zinazolipwa. Gawanya 532 kwa 0.6, unapata 887. Hicho ndicho kiasi ambacho kila kilomita yenye abiria inatakiwa ikuachie mkononi, baada ya programu kukata chake, ili usiingie hasara. Kama programu inakata asilimia 20, nauli lazima iwe 887 gawanya kwa 0.8, yaani shilingi 1,109 kwa kilomita. Kamisheni usiiweke kwenye ile orodha ya juu, kwa sababu inafuata nauli na haifuati kilomita.

Tuchukue safari moja. Abiria yuko Mwenge anakwenda Posta, tuseme kilomita 10, nauli 10,000. Dereva amemfuata kilomita 2, na baada ya kumshusha akatembea kilomita 4 tupu kabla ya kupata mwingine. Gari limekwenda kilomita 16. Programu imekata 2,000, zimebaki 8,000. Mafuta ya kilomita 16 ni 4,000. Dereva anaangalia mfukoni, anaona 4,000 na anasema safari ilikuwa nzuri.

Toa kwanza malipo yake, 133 mara 16, ni 2,128. Zimebaki 1,872. Zile gharama nyingine nne, yaani matairi, gereji, uchakavu na malipo ya mwezi, ni 149 kwa kilomita, mara 16 ni 2,384. Safari imepungukiwa shilingi 512. Hakuna aliyeibiwa na hakuna aliyekosea. Zile kilomita 6 tupu ndizo zilizoila. Kama angepata abiria palepale Posta bila kuzunguka, kilomita zingekuwa 12, gharama 6,384, na safari ileile kwa nauli ileile ingeacha shilingi 1,616. Kwa hiyo kabla ya kulalamikia bei ya mafuta, mimi huangalia kwanza dereva anasubiri kazi wapi na anasubiri vipi. Gari lililozimwa kwenye kivuli linatumia muda tu. Gari linalozunguka linatumia muda na kila kitu kingine.

Hatua ya saba: kwa wenye magari, linganisha hesabu ya siku na odometa

Hapa ndipo nilipoumia mimi, kwa hiyo nitapaeleza taratibu. Kwa utaratibu wetu wa kawaida, dereva anaweka mafuta, analipia pancha, kuosha, bando na maegesho, anakupa hesabu, na kinachobaki ni chake. Mwenye gari anabaki na matairi, gereji, uchakavu, bima na leseni. Hesabu inalipwa kwa siku. Vitu unavyobaki navyo, karibu vyote, vinaisha kwa kilomita.

Kwa gari letu, sehemu ya mwenye gari ni 21 ya matairi, 45 ya gereji na 40 ya uchakavu. Jumla 106. Kwa kilomita 3,900 ni shilingi 413,400. Ongeza 56,000 za bima na leseni, ni 469,400. Hesabu ya mwezi ni 650,000. Faida ya kweli ni 180,600, na si zile 650,000 nilizokuwa nazila.

Nilipoanza kuandika odometa kila Jumapili, wiki ya tatu nilikuta gari limekwenda karibu kilomita 1,500 kwa siku sita. Nikamuuliza dereva, "Kaka, mbona kilomita zimepanda hivi?" Akanijibu bila kuficha, "Bosi, usiku namwachia deiwaka, na mimi nyumbani nina watoto." Sikumchukia, maisha ni magumu na alikuwa hajawahi kuniruka hesabu. Lakini gari lilikuwa linafanya kazi ya watu wawili na kuniletea hesabu ya mtu mmoja. Fanya hesabu: kilomita 6,500 kwa mwezi mara 106 ni 689,000, ongeza 56,000, ni 745,000. Hesabu ni ileile 650,000. Hasara ya shilingi 95,000 kila mwezi, huku nikipokea fedha zangu kila jioni na kumshukuru Mungu.

Tulikaa tukakubaliana: hesabu ya siku inabaki 25,000 kwa kilomita 150, na kila kilomita inayozidi, shilingi 110 zinaingia kwenye bahasha ya gari. Deiwaka aendelee, ila nimjue, niione leseni yake, na odometa ipigwe picha gari linapokabidhiwa na linaporudi. Dereva hakupinga. Alipoiona hesabu kwenye karatasi alisema mwenyewe kwamba alikuwa anadhani gari likishawekwa mafuta halina gharama nyingine.

Hela ya bahasha usiichanganye na ya nyumbani. Mimi kila Jumapili nasoma odometa, nazidisha kilomita za wiki kwa 66, yaani 21 ya matairi na 45 ya gereji, na kiasi hicho nakituma kwenye laini nyingine ya simu ambayo haina kazi nyingine. Kwa kilomita 900 ni shilingi 59,400. Uchakavu nauweka mbali zaidi, benki, kwa sababu huo ni wa kununulia gari lijalo.

Namba moja inahitaji kurudiwa kila mwezi, nayo ni ya mafuta. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kwa gari linalotoa kilomita 12 kwa lita, kila shilingi 120 zinazoongezeka kwenye lita ni shilingi 10 zaidi kwa kilomita ya odometa, na karibu 17 kwa kilomita ya abiria. Jumatano hiyo nafungua daftari, nafuta ile 250 kwa kalamu nyekundu, naandika mpya, na dereva nampigia simu jioni ileile ili kabla ya asubuhi awe anajua safari fupi ya abiria aliye mbali haimlipi tena.